Jina Kamili Kabla ya Tone la Kwanza

Mfuko wa damu ukifika wodini, ndugu wa mgonjwa hushusha pumzi. Wametafuta wachangiaji, wamesubiri majibu ya maabara, na sasa wanaona ile damu imetundikwa juu ya kitanda. Kwao kazi imekwisha. Kwa muuguzi anayeijua kazi yake, ndiyo kwanza imefika pagumu.

Wengi wetu tukisikia hatari ya kuongezewa damu huwazia maambukizi. Hofu hiyo ina msingi, na ndiyo maana damu inayokusanywa na Mpango wa Taifa wa Damu Salama nchini Tanzania hupimwa virusi vya UKIMWI, homa ya ini aina ya B na C, na kaswende kabla ya kupelekwa hospitali. Lakini damu iliyopita vipimo vyote hivyo, safi kabisa, inaweza kumwua mtu siku hiyohiyo kwa sababu tu haikuwa yake. Ilikuwa ya mgonjwa wa kitanda kingine. Makosa ya namna hii hayatokani na ukosefu wa mashine. Hutokana na majina kuchanganywa, na dawa yake ni swali linaloulizwa kando ya kitanda, kisha dakika 15 za kumtazama mgonjwa bila kumwacha.

Kwanza tuelewe kwa nini damu ya mtu mwingine inaweza kuwa sumu. Mwaka 1901 daktari wa Vienna, Karl Landsteiner, alichapisha ugunduzi kwamba damu za watu hazifanani, na kwamba nyingine zikichanganywa hushikana mabonge. Kutokana na kazi hiyo tukapata makundi tunayoyajua leo: A, B, AB na O. Alipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1930, na siku aliyozaliwa, 14 Juni, ndiyo Siku ya Wachangia Damu Duniani.

Chembe nyekundu za mtu wa kundi A zina alama ya A kwenye utando wake wa nje. Za kundi B zina alama ya B, za AB zina zote mbili, na za O hazina hata moja. Kinacholeta hatari ni kwamba mwili hutengeneza kingamwili dhidi ya alama ambayo wenyewe hauna, na huanza kufanya hivyo katika miezi ya mwanzo ya uhai, hata kama mtu hajawahi kuongezewa damu. Kwa hiyo mtu wa kundi O, ambalo ndilo kundi la takriban nusu ya watu wa Afrika Mashariki, anatembea maisha yake yote akiwa na kingamwili dhidi ya A na dhidi ya B. Chembe zake zinaweza kupewa karibu kila mtu, lakini yeye anaweza kupokea O peke yake. Watu wengi hukumbuka nusu ya kwanza ya habari hiyo na kuisahau ya pili, na ya pili ndiyo inayoua.

Mtu wa O akitiliwa damu ya A, kingamwili zake huzishika zile chembe ngeni na kuziita protini nyingine za damu zije kuzitoboa, palepale ndani ya mishipa. Himoglobini iliyokuwemo humwagika. Mishipa hulegea na presha huanguka. Figo, zinazolazimika kuchuja taka hizo huku damu inayozifikia imepungua, huanza kufa. Mfumo wa kugandisha damu nao huamshwa mwili mzima kwa mpigo hadi akiba yake inakwisha, na hapo mgonjwa huanza kuvuja damu kwenye kidonda cha upasuaji na hata kwenye tundu la sindano. Haihitajiki chupa nzima. Mililita 10 hadi 50 za damu isiyopatana zinatosha kuanzisha hali nzito, na kila mililita inayoongezeka huongeza hatari.

Msomaji atauliza: si maabara ilishapima? Ndiyo, ilipima. Maabara huchukua sampuli ya mgonjwa, hutafuta kundi lake, kisha huchanganya majimaji ya damu yake na chembe kutoka kwenye mfuko unaotarajiwa kutumika, kipimo ambacho wahudumu hukiita krosimachi. Kikitoka vizuri, mfuko hufungwa lebo yenye jina la mgonjwa. Lakini tazama vizuri swali ambalo maabara imelijibu. Imejibu kwamba damu iliyomo kwenye mfuko huu inapatana na damu iliyomo kwenye kichupa hiki. Kichupa kilitoka kwenye mkono wa nani, maabara haijui. Inasoma kilichoandikwa juu yake na kukiamini. Na mfuko ukishatoka dirishani, maabara haiwezi kujua unatundikwa kwa nani.

Kuna milango miwili, basi, ambayo krosimachi haiwezi kuilinda. Wa kwanza ni pale sampuli inapochukuliwa. Aliyetoa damu anatakiwa aandike kichupa yeye mwenyewe, palepale kitandani, kabla hajapiga hatua. Akikusanya vichupa vitano vitupu kwenye trei na kwenda kuviandika mezani, amewatenga wagonjwa na majina yao. Akiviandika kabla ya kuchoma sindano ni hatari ileile, maana kichupa chenye jina tayari kinaweza kujazwa damu ya yeyote. Kosa la mlango huu ni baya kwa sababu kila hatua inayofuata italipitisha: jina kwenye kichupa litafanana na jina kwenye fomu, na lebo kwenye mfuko itafanana na vyote viwili. Ndiyo sababu baadhi ya hospitali, kwa mgonjwa ambaye kundi lake halijawahi kurekodiwa, hudai sampuli ya pili ichukuliwe wakati mwingine kabla ya kutoa damu ya kundi lake.

Mlango wa pili ni kitandani, dakika ile mfuko unapotundikwa. Huu ndio ninaotaka tukae nao, maana ni wa mwisho, na kwa kawaida mgonjwa na ndugu zake wanakuwapo.

Chukua mfano huu. Nimeutunga mwenyewe, lakini hakuna kipande chake ambacho mtu wa wodini hatakitambua. Wodi ya wanawake ina Rehema wawili. Rehema Juma Salum, wa kitanda cha 4, ana miaka 24, alijifungua siku tatu zilizopita, amepungukiwa damu hadi anahema akikaa, na kundi lake ni O. Rehema Juma Omari, wa kitanda cha 11, ana miaka 41, anasubiri upasuaji wa uvimbe kwenye kizazi, na kundi lake ni A. Wote wawili wameombewa damu siku moja. Mhudumu anatumwa maabara kufuata “damu ya Rehema wa wodi ya akina mama”. Anarudi na mfuko mmoja, wa kundi A, wenye lebo ya Rehema Juma Omari. Wauguzi wawili wanaulinganisha na fomu iliyo mezani, vinafanana, wanatia saini. Kisha mmoja anaubeba hadi kitanda cha 4, kwa sababu yule ndiye Rehema aliyekuwa akilalamika tangu asubuhi.

“Mama, wewe ndiye Rehema Juma?”

“Abee, ndiye mimi.”

Hakuna aliyesema uongo. Muuguzi ameuliza na amejibiwa, na saini mbili zipo kwenye karatasi. Kosa limo ndani ya swali lenyewe. Swali linalobeba jina tayari humwachia mgonjwa neno moja tu la kujibu, na mgonjwa aliyechoka, mwenye homa, asiyesikia vizuri, au aliyelelewa kumwitikia mkubwa kwa adabu, atalitoa. Mama aliyetoka kijijini ambako Kiswahili kinasikika kwa nadra anaweza kuitikia jina lolote linalofanana na lake.

Swali sahihi humwachia mgonjwa alitamke jina lake mwenyewe: “Mama, nitajie majina yako yote matatu.” Rehema wa kitanda cha 4 angesema Rehema Juma Salum, na macho ya muuguzi yakiwa kwenye lebo iliyoandikwa Omari, mkono ungesimama. Baada ya jina hufuata umri au tarehe ya kuzaliwa, na kwa kuwa wengi hawana uhakika wa tarehe, namba ya hospitali iliyo kwenye bangili ya mkononi ndiyo inayokata shauri. Pasipokuwa na bangili za kiwandani, plasta iliyoandikwa jina kamili na namba ya faili, ikabandikwa mkononi tangu mgonjwa anapopokelewa, hufanya kazi hiyohiyo. Namba ya kitanda si utambulisho. Vitanda hubadilishwa usiku, na katika wodi zetu wakati mwingine kitanda kimoja hulaliwa na wawili.

Anachokisema mgonjwa na kilichoandikwa kwenye bangili yake vinatakiwa vifanane, herufi kwa herufi, na fomu ya maabara pamoja na lebo iliyofungwa kwenye mfuko. Kisha namba ya mfuko isomwe kwenye mfuko wenyewe na kwenye fomu, kundi la damu lilinganishwe, tarehe ya mwisho ya matumizi iangaliwe, na damu yenyewe itazamwe: kama imegeuka zambarau au nyeusi, ina mabonge, au mfuko unavuja, isitumike. Watu wawili wafanye hivi, kila mmoja kwa macho yake, wakiwa wamesimama kando ya mgonjwa. Saini mbili zilizotiwa mezani, kwa maoni yangu, ni hatari kuliko ukaguzi wa mtu mmoja kitandani, kwa kuwa kila mtia saini humtegemea mwenzake na hakuna aliyemwangalia mwenye mkono utakaochomwa. Simu ikilia katikati, waanze upya. Pakiwa na tofauti ya herufi moja, mfuko urudi maabara, hata kama mgonjwa anahema na ndugu wanalalamika.

Wapo wasioweza kutaja majina yao. Kwa mtoto, mzazi au mlezi ndiye hutaja, na hapo pacha wanahitaji uangalifu wa pekee: Kulwa na Doto wana baba mmoja, umri mmoja, na pengine wamelazwa siku moja kwa malaria ileile. Kichanga kilichosajiliwa kama “Mtoto wa Rehema” kinahitaji namba yake mwenyewe, tofauti na ya mama, na makundi yao ya damu yanaweza kutofautiana. Majeruhi wa bodaboda aliyeletwa hana fahamu wala kitambulisho hupewa namba ya muda inayofungwa mkononi, na sampuli yake huandikwa namba hiyo. Ndugu wakifika na jina lake katikati ya shughuli, jina hilo lisibandikwe juu ya damu iliyokwisha kuandaliwa kwa namba ya muda. Utambulisho ukibadilishwa, sampuli mpya ichukuliwe.

Turudi kitanda cha 4, kwa kuwa katika mfano wetu mkono haukusimama. Mfuko umetundikwa. Lakini muuguzi huyu, aliyekosea swali, amefanya mambo mawili sawasawa. Kabla ya kufungua damu alipima na kuandika: joto 37.1, mapigo ya moyo 96 kwa dakika, presha 110/70, pumzi 22. Na amefungua damu polepole, takriban matone 20 kwa dakika.

Vipimo vya kabla huonekana kama kazi ya karatasi hadi unapovihitaji. Kwetu wagonjwa wengi wanaoongezewa damu wana malaria au maambukizi mengine, kwa hiyo homa wanayo tayari. Muuguzi anayekuta joto la 38.5 katikati ya damu hawezi kujua kama ni homa ya jana au ya sasa asipokuwa na namba ya kuilinganisha. Joto linalopanda nyuzi 1 au zaidi kutoka pale lilipokuwa, likafika 38 au kupita, lichukuliwe kuwa linatoka kwenye damu mpaka ithibitike vingine.

Na ule upole una hesabu yake. Mipira mingi ya damu hutoa mililita 1 kwa kila matone 20 hivi. Kwa matone 20 kwa dakika, baada ya dakika 15 mgonjwa amepokea kama mililita 15. Mfuko huohuo ukiachwa ukimbie kwa mwendo wa kumalizika ndani ya saa mbili, katika dakika hizohizo 15 angekuwa amepokea zaidi ya mililita 50. Tofauti hiyo inaweza kuwa ndiyo tofauti kati ya figo zinazopona na zisizopona. Kama mgonjwa anavuja damu kwa wingi na maisha yake yanapotea, damu itakimbizwa, hakuna namna. Kwa mwingine yeyote, robo saa ya kwanza iwe ya taratibu, na muuguzi awe mahali anapomwona.

Dakika ya saba, Rehema anasema mkono wenye sindano unawaka moto kufuata mshipa. Dakika ya tisa anageuka kitandani huku na huku. “Dada nesi, mgongo, huku chini unaniuma. Na kifua kimebana. Sijisikii vizuri, naona kama nakufa.” Mama yake mdogo, aliyekaa kando, anaona midomo inatetemeka.

Maneno haya ni dalili, na ni dalili za mapema kuliko zote. Maumivu kwenye mkono unaoingiza damu, maumivu ya kiuno au mgongo, kifua kubana, baridi na kutetemeka, wahaka usioelezeka wa mtu anayehisi kifo kipo mlangoni: hutangulia presha kuanguka na hutangulia mkojo kubadilika. Mwenye kuyapuuza kwa kusema “mama huyu ana woga” anatupa muda ambao hautarudi. Kwa mgonjwa aliyelala usingizi wa ganzi au asiye na fahamu hakuna maneno. Kinachoweza kuonekana ni presha inayoanguka, damu inayochuruzika pasipo na sababu, na mkojo kuwa mwekundu au wa rangi ya kokakola kwenye mfuko wa mpira wa mkojo.

Jambo la kwanza ni kufunga damu. Muuguzi anasogeza kibanio cha mpira hadi kinafunga kabisa, hapohapo, bila kumsubiri daktari na bila kusubiri kupima joto. Halafu anautoa mpira wote pamoja na mfuko na kufunga mpira mpya wenye maji ya chumvi ya asilimia 0.9. Mpira wa zamani bado una damu ndani yake. Ukiunganisha maji ya chumvi juu yake, utaisukuma damu hiyohiyo mwilini. Kanula iliyo mkononi haiondolewi, maana presha ikishashuka mishipa husinyaa na kupata mwingine huwa kazi, nayo njia hiyo ndiyo itakayopitisha maji na dawa.

Daktari ameitwa. Vipimo vinachukuliwa tena: joto 38.4, mapigo 128, presha 85/50. Mtu mmoja anashughulikia pumzi na oksijeni. Mwingine, na hili husahaulika katika purukushani, anachukua ule mfuko na kuurudisha kwenye bangili. Salum. Omari. Hapo jambo linakuwa wazi, na linazaa la pili: kama mfuko wa Omari ulikuwa hapa, wa Salum uko wapi? Muuguzi anakimbia kitanda cha 11 na kupiga simu maabara kuzuia damu yoyote ya Rehema isitoke. Kosa la kuchanganya mara nyingi huwa na wahanga wawili, na wa pili anaweza kuwa bado hajaguswa.

Katika mfano wetu, mfuko wa pili ulikuwa chembe za kundi O, na kama angetiliwa Rehema Omari wa kundi A, pengine asingehisi chochote. Hilo lina uzito wake. Kosa moja huanguka kitanda hiki likamleta mtu karibu na kifo, na likianguka kile halionekani kabisa. Kwa kuwa O ni wengi kwetu, mifuko mingi inayokwenda kwa mtu asiye wake hupita bila kishindo, haiandikwi popote, na wodi huendelea kuamini kwamba utaratibu wake ni mzuri.

Kwa Rehema Salum, maji ya chumvi yanaingizwa ili kuinua presha, kwa kuanzia mililita 20 hadi 30 kwa kila kilo ya uzito, huku mapafu yakisikilizwa yasijae maji, kwa sababu moyo wake umechoka kwa kukosa damu. Baada ya hapo linaloangaliwa ni mkojo. Mpira wa mkojo unawekwa, na lengo ni mililita 1 kwa kila kilo kwa saa, yaani kama 60 kwa saa kwa mwanamke wa kilo 60. Daktari anaweza kuongeza dawa ya kukojoza. Adrenalini, inayochomwa kwenye msuli, hutolewa pale kuna dalili za mzio mkali wa kuziba njia ya hewa, kukoroma kwa kifua na kuvimba uso, na pia wakati mwingine presha inapoanguka na chanzo hakijajulikana.

Mfuko na mpira wake haviendi kwenye pipa la taka. Vinarudishwa maabara kama vilivyo, pamoja na damu mpya ya mgonjwa iliyotolewa mkono wa pili, mkojo wa kwanza na fomu ya taarifa. Mtaalamu wa maabara atazungusha ile damu mpya kwenye mashine na kutazama majimaji yanayobaki juu. Ya kawaida ni ya manjano. Yakiwa ya pinki au mekundu, wakati ya sampuli ya kabla yalikuwa safi, chembe zinapasuka mwilini. Atapima upya kundi la sampuli ya zamani, ya mpya na la mfuko, na kutafuta kingamwili zilizong'ang'ania chembe. Ataotesha pia damu ya mfuko kutafuta vijidudu, kwa sababu damu iliyoingiwa na bakteria hufanana sana na hii mwanzoni: homa ya ghafla, kutetemeka, presha chini. Ikishukiwa hivyo, dawa za kuua bakteria huanza bila kusubiri majibu.

Si kila tukio ni zito hivi, na msomaji asiogope kila muwasho. Vipele vichache vyenye kuwasha, bila homa wala shida ya pumzi, ni mzio mdogo. Mwendo wa damu hupunguzwa, mgonjwa hupewa dawa ya mzio, na kama ndani ya nusu saa hajapata nafuu au hali imezidi, huhudumiwa kama hali nzito. Homa na baridi peke yake mara nyingi hutokana na chembe nyeupe zilizobaki kwenye mfuko, si kosa la kundi. Lakini dakika zile za mwanzo hakuna anayeweza kutofautisha kwa macho, kwa hiyo damu husimamishwa, jina hukaguliwa tena, ndipo mengine yafuate. Mzee, mwenye ugonjwa wa moyo, au mtoto mdogo anayeanza kukohoa na kuhema damu ikiwa imefika katikati anaweza kuwa amezidiwa na wingi wa maji. Huyo huketishwa wima, damu husimamishwa, na hupewa dawa ya kukojoza. Kumwongezea maji kungemdhuru.

Ndugu wa mgonjwa wana kazi katika haya, na ningependa waambiwe waziwazi. Usiku muuguzi anaweza kuwa mmoja kwa wodi nzima, na ndiyo maana damu isiyo ya dharura ni vyema iongezwe mchana. Anayeketi kando ya kitanda ndiye atakayeona kwanza mtetemeko, au kusikia kwanza “mgongo unaniuma”. Ana haki ya kuuliza jina lililoandikwa kwenye mfuko, na muuguzi asichukie akiulizwa. Akiona mabadiliko aite kwa sauti, asione haya. Asifungue damu ikimbie ili iishe haraka, na asiuweke mfuko kwenye maji ya moto au juani eti damu ina baridi, kwa sababu joto hupasua chembe hata kabla hazijaingia mwilini. Damu huanza kutumika ndani ya dakika 30 tangu itoke kwenye jokofu na humalizika ndani ya saa nne. Inayobaki baada ya hapo hairudishwi kwenye jokofu la wodi kungoja kesho.

Mgonjwa hupimwa tena dakika 15 baada ya damu kuanza, kisha angalau kila saa, damu inapoisha, na saa nne baadaye. Akiruhusiwa, yeye na wa nyumbani kwake waambiwe kwamba kuna kukataa kunakochelewa. Siku tano hadi kumi baada ya kuongezewa damu, mtu anaweza kupata homa, macho kuwa manjano, mkojo mweusi, na ule uchovu wa kupungukiwa damu ukarudi. Huko hutokana na kingamwili za makundi mengine, nje ya A na B, ambazo mwili ulikuwa umezitengeneza zamani, kwa mfano katika mimba au damu ya awali, zikafifia, kisha zikaamka. Wengi huifikiria malaria. Mtu huyo arudi hospitali na karatasi zake na aseme mapema kwamba aliongezewa damu, na tarehe yake. Na aliyewahi kupata tukio lolote la namna hii aandikiwe kwenye faili na kwenye cheti anachobaki nacho mwenyewe, ili siku atakapolazwa hospitali nyingine maabara ya huko ijue cha kutafuta kabla ya kumchagulia mfuko.